Je, Kamera Imezimwa Kweli?

*Maandishi ya mada iliyotolewa mjini Morogoro kwa wanakikundi wa kuweka na kukopa walioanza kufanya baadhi ya vikao vyao kwa njia ya video.*



Katika barua yenu mliniomba nijibu swali moja: mtu akishamaliza kikao cha video na kurudi kwenye shughuli za nyumbani, atajuaje kwamba kamera ya kompyuta imezimwa kweli? Swali hili ni la haki, kwa sababu chumba kinachotumika kwa kikao saa nne asubuhi ndicho watoto wanamolala usiku na ndicho mama anamobadilishia nguo.

Nitaanza kwa kisa changu mwenyewe, maana wahenga walisema mganga hajigangi. Nilipokuwa mgeni kazini, nilihudhuria mkutano wa video nikiwa chumbani kwangu. Mkutano ulipokaribia mwisho niliaga, nikabofya alama ya X pembeni mwa dirisha, na dirisha likatoweka. Nikaisogeza kompyuta pembeni ya meza bila kuifunga. Muda si mrefu mama yangu akanipigia simu, nami nikazungumza naye kwa sauti juu ya ugonjwa wa mjomba na fedha za matibabu ambazo ukoo ulikuwa haujazipata. Nilikuwa nimevua kilemba na nimejifunga khanga. Ghafla nikasikia sauti ya mwanamume ikitoka kwenye kompyuta: “Dada, samahani, bado tunakuona na kukusikia.”

Mzee yule alinistahi, akasema mapema. Nilifunga kompyuta kwa kishindo, nikakaa kitandani bila kujua nitawatazamaje wenzangu kesho yake. Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Programu ile hufungua madirisha mawili: dirisha kubwa lenye ujumbe na majina ya watu, na dirisha la pili lenye mkutano wenyewe. Mimi nilifunga lile kubwa. Mkutano ulibaki hai katika dirisha dogo lililojificha nyuma ya barua niliyokuwa naiandika. Na muda wote huo, kando ya kamera, taa ndogo nyeupe ilikuwa inawaka mbele ya macho yangu. Sikuijua kazi yake.

Kisa hiki hakikuwa na mdukuzi wala mwizi. Kilikuwa na mtu aliyedhani ametoka, kumbe hajatoka. Kwa hiyo kabla hatujazungumza juu ya wahalifu, tujifunze kwanza kutoka mkutanoni ipasavyo.

Kutoka si kufunga dirisha

Katika mkutano wa video kuna vitendo vitatu vinavyofanana machoni lakini si kimoja. Cha kwanza ni kubofya kitufe cha kamera ndani ya mkutano. Hapo wenzako hawakuoni tena, lakini bado umo mkutanoni, na kipaza sauti chako kinaweza kuwa wazi. Cha pili ni kubofya kitufe chekundu chenye neno Leave au End. Hicho ndicho kinachokutoa. Cha tatu ni kufunga dirisha kwa alama ya X. Katika baadhi ya programu alama hiyo hukuuliza kama unataka kutoka. Katika nyingine huficha dirisha tu, na programu ikaendelea na kazi yake kimyakimya.

Kwa hiyo toka kwa kitufe chekundu, kisha subiri uone skrini inayothibitisha kwamba umetoka. Kama uliingia mkutanoni kwa kupitia kivinjari, funga pia kichupo cha mkutano huo. Ukishafanya hivyo, inua macho uitazame taa.

Taa ni shahidi, lakini mfahamu shahidi wako

Kompyuta mpakato nyingi zina taa ndogo kando ya kamera, nyeupe au ya kijani. Taa hiyo huwaka kamera inapofanya kazi, na huzimika sekunde chache baada ya kamera kuachiwa. Lakini huwezi kumtegemea shahidi ambaye hujawahi kumwona akisema. Taa iliyoungua haiwaki kamwe, na kuna kompyuta na kamera za kuchomeka ambazo hazikuwekewa taa tangu kiwandani. Mwenye kifaa cha namna hiyo akitazama asione mwanga, atajidanganya kuwa yu salama.

Ndiyo sababu nawaomba leo jioni kila mmoja afanye jaribio hili. Fungua programu ya kamera iliyo ndani ya kompyuta yako. Kwenye Windows inaitwa Camera. Uone sura yako kwenye skrini, kisha utafute taa iko wapi na ina rangi gani. Funga programu, halafu hesabu polepole mpaka kumi. Taa ikizimika, umeshajua shahidi wako yupo na anafanya kazi. Ikiwa sura yako ilionekana na hakuna taa iliyowaka, basi katika kompyuta hiyo giza la taa si ushahidi wa chochote, nawe utategemea njia nyingine nitakazozieleza.

Sasa tuseme umetoka mkutanoni, umehesabu mpaka kumi, na taa bado inawaka. Usiogope, bali tafuta nani anaitumia kamera. Kwenye Windows 11, fungua Settings, kisha Privacy & security, kisha Camera. Utaona orodha ya programu zilizoruhusiwa kutumia kamera. Programu inayoitumia wakati huo huandikiwa maneno Currently in use. Zile zilizoitumia zamani huandikiwa Last accessed, pamoja na tarehe na saa. Siku ile ningefungua ukurasa huo, ningeikuta programu ya mkutano imeandikiwa kwamba inatumia kamera, nami ningeifunga kabla mama hajanipigia.

Orodha hiyo ina faida nyingine: inakumbuka yaliyopita. Chukua mfano wa Bi Hazina wa kikundi hiki. Kikao kimekwisha saa tano kamili asubuhi. Saa nane mchana anafungua orodha na kuona programu ya mkutano imeandikiwa saa tano na dakika moja. Hilo linaeleweka, ni muda wa kuaga tu. Lakini akikuta programu nyingine, ya kuhariri picha kwa mfano, imeandikiwa saa saba na nusu, wakati alipokuwa jikoni, hapo kuna swali la kuuliza. Aizimie programu hiyo ruhusa ya kamera kama ina swichi yake kwenye ukurasa huohuo, na kama haijui aiondoe. Nawatahadharisha tu kwamba kompyuta huandika saa kwa mtindo wa Kizungu: saa saba na nusu mchana itaonekana kama 1:30 PM au 13:30.

Hata hivyo orodha nayo ina mipaka. Microsoft yenyewe imeeleza kwamba baadhi ya programu za kompyuta huenda zisionekane katika orodha hiyo, wala zisizuiwe na mipangilio yake. Orodha safi ni habari njema, lakini si hati ya kiapo.

Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi. Simu za Android kuanzia toleo la 12 huonyesha alama ya kijani juu ya skrini, upande wa kulia, kamera au kipaza sauti kinapotumika. Kwenye iPhone kuanzia iOS 14, nukta ya kijani maana yake ni kamera, na nukta ya rangi ya chungwa maana yake ni kipaza sauti peke yake. Ukivuta skrini kutoka juu, simu itakutajia jina la programu inayohusika. Kumbukeni pia kwamba simu ina kamera mbili, ya mbele na ya nyuma. Kuilaza kifudifudi mezani kunaziba ya mbele na kuiacha ya nyuma ikitazama dari.

Je, taa inaweza kusema uongo?

Hili ndilo swali linalowanyima watu usingizi, na jibu lake linahitaji uangalifu. Taa ikiwaka, iamini: kamera inatumika. Ikiwa imezimika, uzito wa ushahidi wake unategemea jinsi mtengenezaji alivyoiunganisha.

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walionyesha kwamba kamera za baadhi ya kompyuta za Apple zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2008 zingeweza kuwashwa bila taa kuwaka. Katika mashine hizo taa ilifungamanishwa na ishara ya kuilaza kamera: kamera ikilala, taa huzimika, ikiamka, taa huwaka. Mpango ulionekana mzuri. Lakini kamera hiyo ina kompyuta yake ndogo ndani, na maelekezo yanayoiendesha yaliweza kubadilishwa kutoka nje. Watafiti waliiamuru kamera isijali tena ile ishara ya kulala. Matokeo yake taa iliamini kamera imelala, huku kamera ikiendelea kupiga picha.

Katika mwaka huohuo, msichana aliyevikwa taji la Miss Teen USA alieleza hadharani kwamba alipigwa picha chumbani kwake kupitia kamera ya kompyuta yake, na kwamba hakuwahi kuona taa ikiwaka. Kijana aliyemfanyia hivyo alitumia programu ya kuiendesha kompyuta ya mtu kutoka mbali, kisha akamtishia kuzisambaza picha zile. Alikiri kosa, na mwezi Machi 2014 akahukumiwa kifungo cha miezi 18.

Siyasemi haya ili muogope kila kompyuta. Watengenezaji walijifunza. Apple, kwa mfano, inasema kwamba kamera za kompyuta zake mpakato zimeundwa ili zisiweze kuwaka bila taa nayo kuwaka. Lakini nani kati yetu anajua jinsi nyaya zilivyounganishwa ndani ya kompyuta aliyoinunua ikiwa imeshatumika? Tena kuna udhaifu ambao hauhusiani na nyaya: picha moja huchukua muda mfupi sana kupigwa, na taa inaweza kumeta na kuzimika wakati umegeuka kumbembeleza mtoto. Shahidi mkweli naye hana faida ukiwa hukumtazama.

Kifuniko hakihitaji kuaminiwa

Hapa ndipo kifuniko kinapopata heshima yake. Taa na orodha hukuarifu kilichotokea. Kifuniko hukizuia kisitokee. Mdukuzi aliye mbali anaweza kubadilisha maelekezo ya kompyuta, lakini hawezi kunyoosha mkono akasogeza kipande cha plastiki kilicho mbele ya jicho la kamera.

Kompyuta nyingi za siku hizi huja na kilango kidogo juu ya kamera kinachosukumwa kwa kidole. Kikiwa kimefungwa, mara nyingi utaona rangi nyekundu au nyeupe mahali pa jicho jeusi. Ikiwa yako inacho, kitumie. Huhitaji kununua kingine. Baadhi ya kompyuta zina kitufe kwenye baobonye, au swichi pembeni, chenye alama ya kamera iliyokatwa mstari. Vitufe hivyo havifanani: kimoja hukata kamera kabisa, kingine hutuma ombi tu kwa programu. Usikisie. Bonyeza kitufe, kisha fungua programu ya Camera uone kama bado unaonekana.

Asiye na kilango anaweza kujitengenezea kifuniko kwa karatasi ya daftari. Kata kipande chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kiweke juu ya jicho la kamera, kisha kishikilie kwa ukanda mwembamba wa gundi. Karatasi ndiyo iguse kioo cha kamera, si gundi, kwa sababu gundi huacha utando ambao baadaye utawafanya wenzako wakuone kama uliyesimama katika ukungu. Gundi ya kung’aa peke yake haifai, maana mwanga hupita. Plasta ya kidonda nayo haina budi kujaribiwa: elekeza kompyuta dirishani wakati wa jua, ukiwa umefungua programu ya Camera. Skrini iwe nyeusi kabisa. Ukiona hata kivuli cha mkono wako kikipita, ongeza karatasi.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kifuniko kinene. Nafasi kati ya skrini na baobonye kompyuta inapofungwa ni finyu mno, na kifuniko cha plastiki kilichobandikwa kinaweza kuipasua skrini pale unapoikunja. Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba wasifunge kompyuta mpakato ikiwa na kifuniko cha kamera, na kwamba wakilazimika kukitumia kisizidi unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapia, yaani milimita 0.1. Kifuniko kilicho kinene zaidi kiondolewe kabla ya kufunga kompyuta. Kubadilisha skrini ni gharama kubwa. Kipande cha karatasi ni karibu bure.

Kosa la pili ni kuziba na taa. Taa iko jirani kabisa na jicho la kamera, na mtu mwenye hofu hubandika kipande kipana kinachofunika vyote. Hapo umemziba shahidi mdomo. Kata kifuniko chembamba, kifunike jicho peke yake. Mara nyingine kando yake pia kuna kihisi cha mwanga kinachoirekebisha skrini. Ukiona skrini imefifia ghafla baada ya kubandika, sogeza kipande kidogo pembeni.

Wanaotumia kamera ya kuchomeka kwa waya wana njia bora kuliko zote: chomoa waya. Kamera isiyo na umeme haina macho.

Kifuniko hakina masikio, kompyuta inayo

Narudi kwenye kisa changu, kwa sababu bado sijataja lililoniuma zaidi. Kuonekana na khanga kulinitia haya, lakini hakukuidhuru familia yangu. Kilichotoka nje ya nyumba ni maneno: ugonjwa wa mjomba, deni, na majina ya ndugu walioshindwa kuchangia. Hata kama kamera ingekuwa imefunikwa kwa bamba la chuma siku ile, wenzangu wangesikia kila neno.

Kifuniko huzuia picha peke yake. Kipaza sauti kiko katika tundu jembamba kama la sindano, na kulibandika karatasi hupunguza sauti tu, hakuizimi. Kwa sauti, kinga yako ya kwanza ni ile niliyoanza nayo: toka mkutanoni kwa kitufe chekundu. Ya pili ni ukurasa wa Microphone, ulio jirani na ule wa Camera katika mipangilio ya Windows, wenye orodha ya namna ileile. Mwenye mazungumzo ya siri kabisa na aizime kompyuta, au azungumzie chumba kingine. Mtu aliyefunika kamera huanza kujiona salama, na usalama huo humfanya aseme mbele ya kompyuta ambayo asingeyasema mbele ya mgeni.

Ukikuta jambo lisiloelezeka

Tuseme taa imewaka usiku, hukufungua kitu, na orodha inataja programu usiyoijua. Funika kamera kwanza. Kisha kata mtandao: zima Wi-Fi au chomoa modemu. Usianze kufuta. Andika tarehe, saa na jina la programu, na uipige skrini picha kwa simu, kwa sababu huo ndio ushahidi. Baada ya hapo mpelekee fundi unayemwamini aikague kompyuta, na nywila zako zibadilishe kwa kutumia kifaa kingine.

Mtu akikuandikia kwamba ana picha zako na anataka fedha, usilipe na usifute ujumbe wake. Mara nyingi vitisho hivyo hutumwa kwa watu wengi kwa mpigo na mtumaji hana picha yoyote; na aliye nayo kweli, akilipwa leo atarudi kesho. Nenda kituo cha polisi ukiwa na ushahidi wako. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aliyepigwa picha ndiye aliyekosewa. Asionewe haya nyumbani wala kituoni.

Ndugu zangu, mimi mwenyewe siku hizi hufanya hivi kila mkutano unapokwisha: nabofya kitufe chekundu, natazama taa mpaka izimike, nasukuma kilango. Hayazidi robo dakika. Ndipo napokea simu ya mama.

Sasa, kabla ya maswali, naomba mliokuja na kompyuta mzifungue, tukazitafute taa zetu pamoja.